Ombi la Likizo Lisifungiwe kwenye Mfumo wa Mwajiri

Nimeonyeshwa waraka wa kampuni moja ya Dar es Salaam unaowaambia wafanyakazi kwamba kuanzia sasa likizo itaombwa kwenye mfumo wa ndani tu. Barua haitapokelewa, baruapepe haitajibiwa, na nakala kwa mtu mwingine yeyote hazihitajiki. Mfumo wenyewe sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni hilo neno "tu".

Watetezi wa waraka wanasema mfumo unahesabu siku zilizobaki bila kukosea, na kwamba barua za karatasi zilikuwa zikipotelea masjala. Ni kweli, na kwa kazi ya kuhesabu mfumo ubaki.

Lakini ombi la likizo ni zaidi ya hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, ila inamwachia mwajiri, ndani ya mipaka yake, kupanga ni lini ichukuliwe. Kwa hiyo kuwa na siku zako hakukupi ruhusa ya kuondoka kesho. Ruhusa inatokana na jibu, na jibu lazima liweze kuonyeshwa baadaye.

Mchukulie mtunza stoo anayeomba likizo aende kwao Kigoma. Anajaza fomu kwenye mfumo, na skrini inaandika "Pending". Msimamizi wake anamwambia mlangoni, "Nenda tu bwana, nitaibonyeza jioni." Jioni inapita, haibonyezwi. Mwezi huohuo msimamizi anahamishwa. Mtunza stoo anarudi na kukuta barua ya kumtaka ajieleze kwa utoro, kwa kuwa Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kuwa kosa zito. Anaachishwa kazi, na siku hiyohiyo akaunti yake inafungwa.

Sasa ana siku 30 za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wapo watakaomtuliza kwamba kuthibitisha uhalali wa kumwachisha ni mzigo wa mwajiri. Ndiyo, lakini mwajiri ataleta daftari la mahudhurio lenye nafasi tupu mbele ya jina lake, na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo ikisema ombi halikuidhinishwa. Yeye ataleta nini? Ushahidi wake wote umo ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake amenyang'anywa. Hata tarehe aliyoomba hawezi kuionyesha. Anaweza kuomba mwajiri alazimishwe kutoa kumbukumbu, lakini atakuwa anamtegemea mpinzani wake kwa ushahidi wa kumshinda mpinzani huyohuyo. Aliyeandika waraka ule ama hakulifikiria hili, ama alilifikiria akaona linamfaa. Sioni lipi kati ya hayo lina unafuu.

Baruapepe inaziba pengo hilo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni kama mtumaji anatambulika na kama ujumbe haukuchezewa. Ukishajaza mfumo, andika baruapepe fupi siku hiyohiyo: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, idadi ya siku, nani atashika kazi, na ombi la kujibiwa kwa maandishi. Ukiambiwa kwa mdomo, jibu juu ya ujumbe uleule: "Kama ulivyoniambia leo, naondoka Jumatatu." Kimya kisichukuliwe kuwa ruhusa.

Mlinzi au mpishi asiye na baruapepe ya kazini anaihitaji barua ya karatasi bado. Aichape nakala mbili, moja aiache ofisini na nyingine aondoke nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Kumkatalia muhuri huo ni uonevu mtupu.

Kuhusu nakala, ombi liende kwa msimamizi mwenye mamlaka ya kuidhinisha, na nakala kwa ofisi ya rasilimali watu na kwa atakayeshika kazi. Mkurugenzi hahitaji kuijua safari yako, na kumpa nakala mapema ni kumshtaki msimamizi kabla hajakosa. Anwani yako binafsi iweke kwenye BCC, mradi ujumbe hauna siri za kampuni. Likizo ya ugonjwa iwe na mipaka zaidi: anayeshika kazi aambiwe siku tu, na cheti cha daktari kiende kwa rasilimali watu peke yao, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Waraka ule ufutwe. Kama kampuni inaupenda mfumo wake, iuamuru utume kila ombi na kila jibu, pamoja na tarehe na jina la aliyeamua, kwenye anwani ambayo mfanyakazi ataendelea kuifungua hata baada ya kuondoka.