2cos20° ni jibu kamili, wacheni kulinyima maksi

Kuna dharau fulani kwenye hesabu ambayo imenichosha. Ukimaliza swali na jibu lako liko na ile alama ya √, kila mtu anatulia, hilo ni jibu. Ukimaliza na jibu liko na cos, unaangaliwa kama mtu ameleta makadirio. Nikiwa chuo, kabla niamue kuacha, niliona msee wa darasa letu akikatwa maksi kwa kuandika 2cos20°, ati jibu liwe kamili. Mhadhiri alitaka vipeuo, yaani √ na ∛ za nambari za kawaida. Sasa, kwa swali lile, hakuna mtu duniani angempa hizo. Si ati ni ngumu. Haiwezekani, na ilithibitishwa 1843.

Nitafika hapo. Kwanza tuone shida inatoka wapi.

Mlinganyo wa daraja la tatu ni ule ambao x imepanda hadi x³. Mwaka wa 1545, Mwitaliano Gerolamo Cardano alichapisha kanuni ya kuutatua kwenye kitabu chake Ars Magna. Kama mlinganyo wako ni x³ = px + q, kanuni inasema hivi:

x = ∛(q/2 + √D) + ∛(q/2 − √D), na D = (q/2)² − (p/3)³

Inakaa poa. Sasa jaribu x³ = 15x + 4. Hapa p ni 15 na q ni 4, kwa hivyo D ni 4 toa 125, yaani −121. Kanuni inakupa ∛(2 + √−121) + ∛(2 − √−121). Mtoto wa sekondari atakwambia √−121 haipo kwenye kalkuleta yake, swali halina jibu. Lakini weka x = 4. Kushoto 64, kulia 60 + 4. Jibu liko, na ni nambari tu ya kawaida. Tena kuna mengine mawili, yote ya kawaida.

Hiyo ndiyo ajabu ya kesi hii: ni wakati mlinganyo uko na majibu matatu halisi na tofauti ndio kanuni inakulazimisha upitie vipeuo vya nambari hasi. Ukiwa na jibu moja tu halisi, kanuni inaenda bila matata.

Mwaka wa 1572 Mwitaliano mwingine, Rafael Bombelli, alichapisha njia ya kutoka hapo. Alionyesha kwamba ukizidisha 2 + √−1 mara tatu kwa yenyewe unapata 2 + √−121. Kwa hivyo zile ∛ mbili ni 2 + √−1 na 2 − √−1, ukizijumlisha vipande vya ajabu vinakufa na unabaki na 4. Hii hadithi huelezwa kama ushindi, na ukweli ni kwamba nambari changamano ziliheshimika zaidi kutokea hapo. Sina ubishi na hilo.

Ubishi wangu ni huu: ungeijuaje ile 2 + √−1 kama hujui jibu ni 4? Jaribu kuitafuta bila kubahatisha. Sema ∛(2 + √−121) ni a + b√−1. Ukifungua mabano unapata masharti mawili: a² + b² = 5, na a³ − 3ab² = 2. Toa b² kwenye la kwanza, uweke kwenye la pili, unabaki na 4a³ − 15a = 2. Sasa andika x badala ya 2a. Unapata nini? x³ = 15x + 4. Ule ule mlinganyo ulioanza nao, bana! Kanuni imekuzungusha roundi nzima ikakurudisha steji uliyopandia.

Njia ya kutoka ni pembe. Mfaransa François Viète ndiye aliiona, na kazi yake ikachapishwa 1615, yeye akiwa ameshafariki. Inategemea kitu kimoja ambacho uliwahi kukutana nacho kwenye trigonometria:

4cos³θ − 3cosθ = cos3θ

Angalia umbo lake. Ni daraja la tatu, bila mraba katikati, kama tu mlinganyo wetu. Kwa hivyo tunaweka x = 2√5·cosθ. Hiyo 2√5 si uchawi, ni 2√(p/3), imechaguliwa ili zile 4 na 3 zikae mahali pake. Ukiiweka kwenye x³ − 15x = 4 unapata 10√5·(4cos³θ − 3cosθ) = 4. Mabano yote yanageuka cos3θ, na cos3θ inakuwa 4 gawa kwa 10√5, karibu 0.1789. Pembe yenye kosaini hiyo ni digrii 79.695. Igawe kwa tatu, 26.565. Kosaini yake ni 0.8944, zidisha kwa 2√5, unapata 4.

Majibu mengine mawili? Ongeza digrii 120 kwa pembe, halafu 240. Unapata −3.732 na −0.268, ambazo ni −2 − √3 na −2 + √3. Hakuna nambari hasi iliyotafutiwa kipeuo popote.

Hapa kuna mtu atasema: lakini hilo 4 tungelibahatisha tu. Sawa. Basi chukua x³ = 3x + 1, lile swali la msee wetu. Halina jibu la nambari nzima wala sehemu. Kwa pembe, x = 2cosθ na cos3θ = 1/2, kwa hivyo 3θ ni digrii 60. Majibu ni 2cos20°, 2cos140° na 2cos260°, yaani takriban 1.879, −1.532 na −0.347. Pierre Wantzel ndiye alithibitisha 1843 kwamba kwa milinganyo ya aina hii, yenye majibu matatu halisi na hakuna hata moja la sehemu, huwezi kuandika majibu kwa vipeuo vya nambari halisi pekee. Ni huyo huyo alithibitisha 1837 kwamba pembe kama ya digrii 60 haigawanyiki mara tatu kwa rula na bikari.

Na mniambie, √2 ni nini kama si jina la nambari fulani ambayo ukiizidisha yenyewe unapata 2? Desimali zake haziishi pia. Unabonyeza kitufe, kama tu cos. Kwa nini kitufe kimoja kiwe jibu kamili na kingine kiwe makadirio?

Pembe nayo ina mipaka, tusidanganyane. Kama D ni zaidi ya sifuri, utaambiwa utafute pembe yenye kosaini iliyozidi 1 au iliyo chini ya −1, na kalkuleta itakuonyesha kosa. Hapo rudi kwa Cardano. Pia ukiwa na x² katikati, iondoe kwanza.

Na chunga kalkuleta ikiwa kwa radiani. Kwa x³ = 15x + 4 jibu la kwanza litatoka 4 vizuri kabisa, udhani uko sawa, halafu ukiongeza 120 unapata karibu 2.1, ambayo ni takataka. Utajua kwa kujumlisha: bila x², majibu matatu lazima yafike sifuri.