Watahini Wameshaisoma Tasnifu, Wape Swali

Na Subira Mwakitalima

Miaka michache iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi mdogo wa chuo kimoja, nikimsikiliza kijana akitetea tasnifu yake ya uzamivu. Alipewa dakika 20. Aliisalimia meza kuu kwa vyeo, akashukuru, akaonyesha slaidi ya mtiririko wa wasilisho, akasimulia usuli wa tatizo, akafafanua istilahi sita na kupita kwenye nadharia mbili. Mwenyekiti alipomkumbusha kwamba zimebaki dakika tano, ndiyo kwanza alikuwa anafika kwenye sampuli. Matokeo yake, ambayo yalikuwa mazuri, aliyasoma mbiombio kama mtu anayewahi kuanua nguo mvua ikija. Swali la kwanza la mtahini wa nje likawa hili: “Ndugu mtahiniwa, hebu tuambie, ulitaka kujua nini hasa?”

Kijana alinywea. Aliamini ameshalisema. Na kweli lilikuwamo, kwenye slaidi ya saba, limekatwakatwa katika malengo mahsusi manne.

Tangu siku hiyo nimesikiliza utetezi mwingi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni hilo hilo: mtahiniwa anaupeleka mpangilio wa sura za tasnifu kwenye slaidi. Sura ya kwanza utangulizi, ya pili mapitio ya maandiko, ya tatu methodolojia, na kuendelea. Mpangilio huo umetengenezwa kwa ajili ya msomaji mwenye wiki kadhaa, anayeweza kurudi nyuma ukurasa mmoja akipotea. Ukumbini hakuna kurudi nyuma. Isitoshe, watahini wameshaisoma kazi na kuiandikia ripoti kabla ya siku yenyewe. Wengine mezani, kama mwenyekiti au mhadhiri kutoka idara nyingine, huenda wameona ikisiri tu. Makundi haya mawili yanatofautiana kwa mengi, lakini yote yanangoja mambo matatu: uliuliza nini, ulijuaje jibu, na sasa tunajua nini ambacho hatukukijua.

Tuchukue mfano wa kutunga, ili tusimseme mtu. Mtahiniwa wetu amesoma uhifadhi wa mahindi. Jalada la tasnifu yake linasema “Tathmini ya Ufanisi wa Mifuko Isiyopitisha Hewa katika Kudhibiti Dumuzi kwa Wakulima Wadogo wa Wilaya ya Kongwa”. Ni jina zuri la tasnifu, lakini si swali. Maneno kama tathmini, uchunguzi na mchango wa kitu fulani hutaja kazi iliyofanywa bila kusema kitu gani hakijulikani.

Akianza kwa usuli ana mengi ya kuvutia ya kusimulia. Dumuzi ni mdudu wa asili ya Amerika ya Kati. Aligundulika hapa nchini mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Skania, jina la lori. Mimi mwenyewe hupenda kuisikia habari hiyo. Lakini inakula dakika nne, na haimsaidii mtahini kuelewa tasnifu hii inauliza nini. Ibaki kwenye sura ya kwanza.

Badala yake aseme hivi baada ya salamu ya nusu dakika: “Mfuko usiopitisha hewa hulinda mahindi kwa sababu wadudu waliomo humaliza oksijeni, wakaacha kula na hatimaye wakafa. Kinga hiyo inategemea mfuko kubaki umefungwa. Lakini mama anayetunza chakula cha nyumbani huufungua kila wiki, akachota mahindi kidogo ya kupeleka mashineni. Kila akiufungua, hewa inaingia. Nimeuliza: je, mfuko unaofunguliwa kila wiki kwa miezi sita bado unalinda mahindi dhidi ya dumuzi?”

Hapo hata dakika mbili hazijaisha. Kila mtu mezani ameelewa, na zaidi ya kuelewa, ameanza kutaka jibu. Angalieni kilichofanyika. Kwanza umetajwa ukweli unaojulikana, kisha jambo la maisha linaloutia shaka, halafu swali moja lenye alama ya kuulizia. Malengo mahsusi hayakutajwa kabisa, maana yote ni vipande vya swali hili. Slaidi yenyewe ina sentensi moja tu, ile ya swali, kwa herufi kubwa. Ningeshauri sentensi hiyo irudi kwa herufi ndogo juu ya kila slaidi inayofuata, ili anayepotea ajue pa kushika.

Tuje kwenye njia. Hapa watahiniwa wengi hutaja majina: usanifu wa jaribio, usampulishaji wa kimakusudi, programu ya uchanganuzi. Majina hayo mtahini ameyasoma. Anachotaka kusikia ni kwa nini njia hii inaweza kujibu swali lile na si jingine. Mtahiniwa wetu aeleze kwamba kila kaya kati ya kaya 40 ilipewa mifuko mitatu ya mahindi ya shamba lile lile: mmoja usiopitisha hewa unaofunguliwa kila wiki, mwingine wa aina hiyo usioguswa, na wa tatu wa salfeti wa kawaida. Kwa kuwa mifuko yote mitatu imekaa chini ya paa moja, tofauti za joto, usafi wa ghala na wingi wa wadudu kati ya nyumba na nyumba haziwezi kuingilia ulinganisho. Sentensi hiyo ina uzito kuliko jedwali zima la sampuli, kwa sababu ndiyo inayompa haki ya kusema kwamba tofauti itakayoonekana imetokana na mfuko na matumizi yake, si nyumba.

Kisha ataje mwenyewe uamuzi mmoja unaoweza kuhojiwa. Katika kazi hii ni wakati wa kupima. Mtafiti angependa kupima kila mwezi, lakini ili achukue punje lazima afungue, na mfuko usioguswa ungekuwa umeguswa. Kwa hiyo ule wa kufungwa ulipimwa siku ya kwanza na siku ya mwisho tu. Mtahini makini alikuwa ameshaliandika swali hilo kwenye daftari lake. Akisikia jibu kabla hajauliza, anajua anazungumza na mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake.

Matokeo ndiyo yapewe muda mrefu, dakika saba hivi, na bado yawe machache. Mchoro mmoja wenye nguzo tatu unatosha. Kichwa cha mchoro kisiwe “Mchoro wa 4.7: Viwango vya Uharibifu”, bali sentensi inayosema kilichopatikana: “Kufungua kila wiki kumepunguza kinga, lakini hakukuiondoa.” Tuseme katika kila punje 100, zilizobunguliwa ni 3 kwenye mfuko uliofungwa, 9 kwenye unaofunguliwa na 31 kwenye salfeti. Msomaji wa mchoro asiachwe atafute maana. Aambiwe kwa mdomo atazame nguzo ipi kwanza, ilinganishwe na ipi, na tofauti hiyo inalijibu vipi swali.

Halafu mchango, na hapa ndipo ninapohuzunika zaidi, kwa sababu kazi nzuri nyingi huanguka mlangoni. Ukimuuliza mtahiniwa mchango wa utafiti wake, anajibu: “Serikali itoe elimu kwa wakulima na kupunguza bei ya mifuko.” Hayo ni mapendekezo. Wengine wanarudia matokeo. Matokeo ni kile ulichokiona Kongwa, mchango ni kile kinachobadilika katika maarifa ya fani kwa sababu umekiona, na mapendekezo ni kile unachotaka wengine wafanye. Mtihani wake ni mwepesi: jaza sentensi mbili. “Kabla ya kazi hii tulijua kwamba mfuko unalinda ukiwa umefungwa. Sasa tunajua kwamba, katika ukanda mkavu na kwa miezi sita, sehemu kubwa ya kinga hubaki hata kwa kaya inayochota kila wiki.” Sentensi ya pili ikiweza kuandikwa na mtu ambaye hakuifanya kazi hiyo, basi mchango bado haujapatikana, na afadhali ulijue hilo mezani kwa msimamizi kuliko mbele ya jopo.

Mipaka iwekwe hapo hapo, kando ya mchango, isifichwe mwisho. Mfuko unaochotwa kila wiki si kwamba unafunguliwa tu, unazidi pia kuwa mtupu, na nafasi ya hewa ndani inakua. Mtahiniwa wetu hawezi kutenganisha athari ya kufungua na athari ya kupungua kwa mahindi. Aseme hivyo waziwazi. Dai dogo lililowekewa mpaka na mwenyewe ni gumu kuliangusha. Dai kubwa lisilo na mpaka ndilo linalomwita mtahini ainuke.

Slaidi ni kumi hivi, kila moja na namba kubwa ili mtahini aweze kusema “turudi kwenye ya sita”. Majedwali yote, nadharia, istilahi na fomula ya kukokotoa upotevu wa uzito ziwekwe baada ya slaidi ya mwisho, zikingoja kuitwa na swali. Ripoti za watahini, kama utaratibu wa chuo unakuruhusu kuziona mapema, ndizo zitakazokuambia ni zipi za kuandaa. Slaidi ya mwisho isiandikwe “Asanteni kwa kunisikiliza”. Irudishe swali na zile sentensi mbili za mchango, kwa sababu ndiyo itakayobaki ukutani muda wote wa mahojiano.

Lugha nayo ina nafasi yake. Vyuo vyetu vingi hutahini kwa Kiingereza, na mtahiniwa hujikinga kwa istilahi asizoweza kuzifungua. Liandike swali lako kwa Kiswahili kwanza, hata kama utaliuliza kwa lugha nyingine. Kiswahili kitakudai utaje nani anafanya nini, kwa nani, kwa muda gani, na hapo ndipo utakapojua kama unalo swali au una mada tu.

Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu na slaidi moja, na yameenea nchi nyingi. Sisi hatuhitaji mashindano ili kulitumia zoezi hilo. Wasimamizi, nawaomba jambo moja. Wiki mbili kabla ya utetezi, mketisheni mwanafunzi wenu mbele ya mwalimu wa idara nyingine, aanze kuwasilisha, na mmkatishe dakika ya tatu ikifika. Kisha mpeni yule mwalimu karatasi aandike swali la utafiti alilolisikia. Akishindwa kuliandika, msimruhusu mwanafunzi aendelee na slaidi ya pili. Mrudisheni ya kwanza.