Malkia wa Pwani Hakutoka Kwenye Maji Yetu

 

Leo mnivumilie, sitasema kwa upole. Tangu ule mkutano wa maombi uliofanyika huko chini nimepata meseji nyingi zenye swali moja: "Pasta, nimeambiwa nina roho ya majini. Nifanyeje?" Wote walioniandikia ni wanawake. Mmoja ana miaka sita ndani ya ndoa na hajapata mtoto. Mwingine ana miaka 34 na hajaolewa. Wa tatu kosa lake ni kwamba aliota anavuka mto. Mhubiri mgeni aliwasomea dalili: kuota maji, kupenda kioo, nywele ndefu, ndoa kuchelewa, tumbo kutoshika. Akawaambia wameozwa chini ya bahari kwa Malkia wa Pwani, na kwamba kufunguliwa kunahitaji sadaka maalum. Dada mmoja ameuza mbuzi wawili.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini pepo wapo na naamini jina la Yesu linawatoa. Lakini huyu Malkia ninamjua alikotoka. Historia yake imeandikwa, na wewe unayemwogopa una haki ya kuisikia.

Anza na neno lenyewe. "Majini" kwa Kiswahili ni ndani ya maji, na pia ni wingi wa jini. Mhubiri anaanza na jini, anaingia kwenye maji, anatoka na samaki mwenye kichwa cha mwanamke, na wewe hujui amevuka wapi. Ukiona mtu anateleza hivyo kwenye neno, shika mkoba wako.

Sasa picha. Yule mwanamke mwenye nywele nyingi zilizotawanyika, nyoka shingoni, macho yanakutazama moja kwa moja, unayemwona kwenye mabango ya video za ukombozi, alichapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Lilikuwa tangazo la maonyesho, na yeye alikuwa mchezaji wa nyoka aliyekuwa kazini kwake. Tangazo lile lilisafiri na mabaharia na wafanyabiashara hadi Afrika Magharibi. Kufikia 1901, katika mji wa Bonny kwenye delta ya mto Niger, tayari kulikuwa na kinyago cha roho ya maji kilichochongwa kwa kuiga sura yake. Picha ilimwonyesha sehemu ya juu ya mwili tu. Watu waliokuwa wameshaona sanamu za wanawake wenye mkia wa samaki kwenye meli za Wazungu waliumalizia mwili wenyewe: wakampa mkia. Wakamwita Mami Wata. Mwaka 1955 kampuni ya kalenda huko Bombay, India, iliichapa tena picha hiyo kwa ajili ya soko la Afrika Magharibi, na ikauzwa kama picha yoyote ya ukutani.

Akaendelea na safari. Huko Lubumbashi, Kongo, ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili walimwita mamba muntu, yaani mamba-mtu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani walimchora kwa wingi, na watu wakamtundika sebuleni. Hadithi yao ilikwenda hivi: mwanamume anaokota unywele wake au kitana chake ufukweni. Usiku anamjia ndotoni, anadai kitu chake, na anampa mali kwa sharti la kunyamaza. Baadaye mali hiyo inadai bei, na bei ni watu wa nyumbani kwake. Angalia ni nani anayeshukiwa hapo. Ni mwanamume aliyetajirika ghafla na hataki kusema pesa zilitoka wapi. Hilo lilikuwa swali la haki la maskini kwa tajiri.

Kisha mwaka 1987 kikatoka Naijeria kijitabu cha ushuhuda cha Emmanuel Eni, kinachosimulia safari chini ya bahari na kumtaja Malkia wa Pwani. Kilinakiliwa na kusomwa Afrika nzima, na baada yake zikaja filamu, kanda na mahubiri. Hadithi ilipofika kwenye mahema yetu, mshukiwa amebadilika. Tajiri ameachwa, na kidole kimeelekezwa kwa dada asiye na mtoto. Ninyi mliokuwa pale niambieni: kuna mwanamume yeyote mwenye gari kubwa aliyeitwa mbele usiku ule?

Mtaniuliza, "Lakini Pasta, bahari yetu haina nguva?" Anaye, na Mungu ndiye aliyemuumba. Nguva ni mnyama anayenyonyesha. Anafika karibu mita 3, anakula nyasi zinazoota chini ya bahari, na kila baada ya dakika chache lazima apande juu kuvuta hewa. Jike ana matiti mawili karibu na kwapa, na mtoto humfuata mama yake kwa karibu. Baharia aliyekaa miezi majini akimwona kwa mbali wakati wa machweo, kichwa cha mviringo kikipanda na kuzama, si ajabu akasema ameona mwanamke. Kolumbasi mwenyewe, Januari 1493, aliandika kwamba aliona watatu huko Karibiani, akaongeza kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Wale walikuwa jamaa wa nguva wetu. Wanasayansi hata wamelipa kundi hilo jina Sirenia, kutokana na wale wanawake wa hadithi za Kigiriki walioimba hadi mabaharia wakapotea. Na hao wa Kigiriki hapo mwanzo walichorwa na mwili wa ndege. Mkia wa samaki walivikwa karne nyingi baadaye.

Nguva wa pwani ya Afrika Mashariki hajamuoza mtu. Yeye ndiye anayeangamia. Mwaka 2022 aliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, huku waliokomaa wakikadiriwa kuwa chini ya 250. Ananaswa kwenye jarife, anashindwa kupanda kuvuta hewa, anakufa. Mwanzo 1:21 inasema Mungu aliwaumba wanyama wakubwa wa baharini na akaona ni vyema. Wewe unamkemea nani?

Sasa njoo huku kwetu, maana sitaki mdhani ninadharau kila hadithi ya maji ya wazee. Mnalijua ziwa Chala, kule Taveta, mpakani na Tanzania. Mmisionari Charles New alipofika huko mwaka 1871 alisimuliwa kwamba zamani palikuwa na kijiji cha Wamaasai, ardhi ikakimeza, na kwamba bado sauti za watu na ng'ombe husikika kutoka majini. Watu waliliogopa ziwa lile. Je, walikuwa wajinga?

Tazama mahali penyewe. Chala ni shimo la volkano. Kuta zake zinashuka kwa mwinuko mkali pande zote, na maji yana kina cha zaidi ya mita 90. Huoni mto mkubwa ukiingia wala ukitoka, kwa sababu maji mengi yanapita chini kwa chini, yakitoka kwenye mvua za Kilimanjaro. Ukiteleza pale, huna ufuo mpana wa kukupokea. Na mwaka 2002 kijana mgeni kutoka Uingereza aliingia kuogelea akauawa na mamba. Yule bibi aliyemwambia mjukuu wake, "Usishuke, kuna kijiji kule chini kitakuita," alimwokoa mtoto. Hakuwa na kibao cha serikali cha kuonya. Alikuwa na hadithi, na hadithi ilifanya kazi.

Ndivyo ilivyokuwa na vyanzo vya maji huku milimani. Wazee walikuwa na fighi, vichaka vya miti mikubwa ambavyo hukuingia na panga bila ruhusa. Ibada iliyofanyika mle mimi siifuati na siwafundishi muifuate. Lakini hofu ile iliacha miti imesimama, na ninyi mnaochota maji mnajua tofauti ya chemchemi yenye miti na chemchemi iliyokatiwa miti.

Basi nawapa kipimo kimoja, kishikeni. Ukisikia hadithi ya roho ya maji, iwe ya kuua au ya kulinda, tazama kidole chake kinaelekea wapi. Hadithi ya Chala inaelekeza kidole kwenye maji: hapa ni kirefu, usishuke. Hadithi ya fighi inaelekeza kidole kwenye chemchemi: hapa usikate. Yote mawili unaweza kwenda kuyatazama kwa macho yako. Hadithi ya Malkia wa Pwani inaelekeza kidole kwa mtu, kuhusu jambo ambalo hakuna awezaye kulipima, na dawa yake iko kwa yule yule aliyeelekeza kidole. Akifunguliwa na mimba isishike, ataambiwa imani ilipungua, alete tena. Mhubiri hawezi kukosea kamwe, na dada hawezi kupona kamwe. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumtia mtu hatiani. Ndoto ya mto ni shahidi wa ngapi?

Someni 1 Samweli 1. Hana hakuwa na mtoto. Alikwenda hekaluni, akaomba midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamtazama akatoa hukumu papo hapo: huyu amelewa. Mtumishi wa Mungu, ndani ya nyumba ya Mungu, alimsoma vibaya mwanamke mwenye uchungu. Hana akamjibu kwa heshima kwamba hakulewa, kwamba alikuwa akiumimina moyo wake mbele za Bwana. Na Eli, kwa sifa yake, alisikiliza, akageuza neno lake kuwa baraka. Hakumdai Hana mbuzi.

Kwa hiyo dada uliyeniandikia, nakujibu hapa ili na mumeo asome. Hujaolewa na mtu baharini. Nendeni hospitali wote wawili, siku moja, mkono kwa mkono. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume naye ana sehemu yake kwenye tatizo, na kipimo chake ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mke. Mume anayekataa kupimwa huku akimtuma mkewe kwenye maombezi ya majini amejificha nyuma ya mkia wa samaki. Mkirudi na majibu, njooni tuombe juu ya jambo lenye jina.

Na wewe uliye na miaka 34, kioo chako ni chako. Jitazame.

Ninyi mliokuwa mmeanza kumkwepa dada huyo kwenye kwaya, na mama aliyemwambia mwanawe aahirishe posa, rudini kwake wiki hii. Msingoje Jumapili.

Amina. Mtumie mwenzako aliye kwenye lile kundi la maombi.