Siye Hatukukula Mahari

Mu vijitabu vyetu tumezoea kueleza namna wazee walivyofunga ndoa: nani anabisha hodi, nani anapokea pombe, mahari inahesabiwa namna gani. Safari hii tunasema juu ya ndoa inayokufa, na juu ya siye wenyewe wa shirika, kwa sababu tulikosa.

Mwenzetu mmoja, mama anayekaa hapa Makiso, alipeleka maneno ya ndoa yake kwenye tribinali ya amani. Habari ilitufikia mbele yeye mwenyewe afungue kinywa. Siku ya mukutano kila mutu alikuwa na sababu yake tayari: huyu feza, yule wakwe, mwingine ile sababu ambayo watu wanaisema kwa sauti ndogo. Komite ikachagua watu wane waende kumuomba arudie kwake. Wakabeba sukari na sabuni. Aliwapa viti, akasikiliza maneno yao yote, akawasindikiza mpaka barabarani. Kisha hapo hakuonekana tena mu mikutano mitatu.

Wale wane walisema wamefuata desturi. Tulikuwa kati yao, kwa hiyo tunajua hilo jibu vizuri, na leo tunalikataa.

Desturi gani? Mu Kisangani tuko Walokele, Wakumu, Watopoke, Waturumbu na wengine wengi, na kila watu wana namna yao. Lakini fasi zote mahari ni neno la jamaa mbili. Hata sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema vilevile: mume na jamaa yake wanasikilizana na wazazi wa bibi juu ya mahari. Nyumba ikivunjika, wanaokaa chini ni wale waliotoa na wale waliopokea. Wanajua nini ilitolewa na nini ilibaki. Na muzee wa jamaa anayesema "mutoto wetu, rudia kwako" anajifunga kwa lile neno: mutoto akipigwa usiku, ni kwenye mulango wake atakuja kulala, na ni yeye atakayesimama mbele ya wakwe kuulizwa. Kwa sababu hiyo muzee mwenye akili anasema kidogo, na mbele ya kusema anauliza mengi.

Siye je? Hatukukula mahari yake, hatutairudisha. Tulisema "rudia," tukapanda mototaksi, tukaenda kula kwetu. Hilo si shauri la wazee. Ni uzito uliotupwa juu ya mutu na wale wasioubeba.

Wengine walituuliza: sasa mukinyamaza, nani atajaribu kupatanisha? Wapo. Jamaa walikuwa wamekwisha kukaa mara nyingi mbele siye tujue kitu. Na ile sheria inampa juji mwenyewe kazi ya kuwaita mume na bibi kwanza na kujaribu kuwapatanisha, mbele ya kuamua. Akikosa, anaangalia kama maisha ya pamoja na kuokoa ile nyumba vimekuwa visivyowezekana. Ni hilo analotafuta. Kwa hiyo upatanisho una fasi yake na watu wake, na hakuna kiti kilichobaki kwa komite ya likelemba.

Tena tungeweza kumuharibia, na hatukujua. Sheria inasema mume ao bibi akiachana na mwenzake na kukaa mbali miaka 3 ao zaidi, hiyo inachukuliwa kama alama kwamba ndoa imekwisha kuvunjika. Mwenzetu alikuwa amekwisha kukaa mbali muda murefu. Tuseme angetusikia, angerudi majuma mawili kwa haya tu, kisha angetoka tena. Upande mwingine ungeweza kusimama na kusema: "Munaona, walikuwa wanakaa pamoja juzi tu." Juji angesikia na upande wake, ndiyo, lakini ni siye tungekuwa tumempa mwenzetu kazi mupya ya kujieleza. Na mambo ya kupigwa hatukuuliza hata moja. Tulifika na sukari tukimuomba arudie nyumba ambayo hatukujua ndani yake kuna nini.

Masengenyo nayo watu wanayachukua kama muchezo wa soko. Hapa kwetu uzinzi ni kosa ambalo mume ao bibi anaweza kumushitaki mwenzake nalo. Yule aliyesema mu mukutano "inaonekana iko na mutu mwingine" hakuona kitu, alisikia kwa fundi wa nguo. Neno kama lile likitoka kwetu, likipita soko kuu, likifika kwa jamaa ya bwana, linaweza kurudi kama mashitaki. Na watoto wanalisikia kwenye masomo mbele mama yao hajalisikia.

Kuna na haya ingine, tuiseme tu. Mwenzetu mwanaume alipoachana na bibi yake, hakuna aliyechagua watu wane. Tulimununulia bia.

Basi tulikaa tena tukaandika barua. Ya kwanza ilianza: "Tunasikitika sana kwa anguko la nyumba yako." Mama mmoja mwenye umri akasema toa "anguko", nani amekuambia ameanguka? Ikafuata: "Tunamuomba Mungu awarudishe pamoja." Watu walibishana sana hapo. Mwisho tulikubali kwamba kila mutu aombe kwa Mungu kitu anachotaka akiwa kwake, lakini ombi likiandikwa mu barua na kutiwa sahihi ya prezida, linakuwa agizo. Tukalitoa. Ilibaki sentensi: "Ukitaka kutueleza kilichotokea, tuko tayari kusikia." Ilionekana nzuri. Lakini tulijua wengine kati yetu walikuwa na njaa ya kile kisa, na yeye angeisikia ile njaa ndani ya maneno. Nayo ikatoka.

Barua aliyopata ni hii:

"Mama, sisi wenzako tunakusalimia. Tulikuja kwako na maneno ambayo hayakuwa yetu kusema, utusamehe. Kiti chako kiko. Zamu yako ya likelemba imesogezwa mbele, ni mwezi huu, na feza hizo hutazieleza kwa mutu. Siku za tribinali, ukitaka mutu wa kukusindikiza ao wa kubaki na watoto, chagua wewe mwenyewe nani, umutumie neno. Mu kitabu cha mikutano tumeandika tu kwamba ulikuwa na ruhusa. Hatutakuuliza kitu."

Komite iliamua vilevile kwamba mutu akianza kile kisa mu mukutano, anayeongoza anakikata na kuita neno linalofuata. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu, kwa sababu aliyekianza alikuwa anayeongoza mwenyewe.

Kwa tribinali alichagua mutu mmoja tu, binti mudogo wa shirika ambaye siye hatungemufikiria. Huyo binti alimungojea inje, na mpaka leo hajatueleza walichozungumuza njiani. Mu mukutano uliofuata mama aliingia na kuchelewa kidogo, akakaa fasi yake karibu na dirisha, akafungua kikwembe chake, akahesabu feza zake mara mbili, kisha akauliza zamu ya mwezi unaokuja ni ya nani.