Jumatatu Pivoti Yako Inakudanganya

Wasee, wacha niseme hii kitu hata kama itakasirisha watu. Wale wanaowauzia "levo za siku" kila asubuhi kwenye Telegramu wanawauzia hesabu ya kugawa kwa tatu. Na mara nyingi hata hiyo siku yenyewe wamekosea.

Nenda soko la mifugo hapa Garissa asubuhi. Dalali hakisii bei. Kichwani ana vitu vitatu vya jana: mbuzi wa aina hiyo aliuzwa juu kabisa ngapi, chini kabisa ngapi, na wa mwisho aliondoka kwa ngapi. Kutoka hapo anajua katikati ni wapi, na leo ukitaja bei anajua kama uko juu au chini. Pivoti ni hiyo akili tu, imeandikwa kwa herufi. H ni bei ya juu ya jana, L ya chini, C ya kufunga:

```
P  = (H + L + C) / 3
R1 = 2*P - L
S1 = 2*P - H
R2 = P + (H - L)
S2 = P - (H - L)
```

Tuseme Ijumaa EUR/USD ilifika juu 1.0920, chini 1.0840, ikafunga 1.0910. Jumlisha, gawa kwa tatu, P ni 1.0890. Zidisha P kwa mbili, toa bei ya chini: R1 ni 1.0940. Toa bei ya juu: S1 ni 1.0860. Sasa angalia kitu poa. Kutoka S1 hadi R1 ni pipsi 80, na Ijumaa yote bei ilitembea pipsi 80. Hiyo si bahati, fomula iko hivyo kila siku. Ishike vizuri, itakuokoa.

Shida inaanza na neno "jana". Hii hesabu ilizoeleka kwa wafanyabiashara wa sakafuni kule Chicago, na hao walikuwa na kengele ya kufunga. Foreksi haina kengele, inazunguka usiku na mchana. Wengi wamekubaliana siku iishe saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu hiyo ni saa sita usiku wakati wao wako kwa saa za kiangazi, na saa saba usiku wakirudi saa za kawaida. Lakini broka akiweka sava yake kwa saa za GMT, siku yake inaisha saa tisa usiku ya hapa. Bei ya kufunga inakuwa nyingine, na pivoti pia.

Jumatatu ndio balaa. Wakati wao wako kwa saa za kiangazi, soko linafunguka saa sita usiku wetu, ambapo kwa GMT bado ni Jumapili saa tatu usiku. Kwa hiyo sava inachora mshumaa wa "Jumapili" wenye masaa matatu tu, wakati sisi tumelala. Asubuhi kifaa cha pivoti kinachukua huo mshumaa na kusema ndio jana.

Mimi nililipia hilo somo. Mshumaa wangu wa Jumapili ulikuwa juu 1.0917, chini 1.0905, ukafunga 1.0914. Chati ikanipa P 1.0912, S1 1.0907 na S2 1.0900. Nikanunua 1.0907, kikomo cha hasara nikakiweka 1.0898, chini kidogo ya S2, nikajiona fundi. Bei ikashuka, ikanitoa, ikafika karibu 1.0890, halafu ikapanda bila mimi. Nilipiga hesabu ya Ijumaa baadaye, nikacheka kwa uchungu. Hiyo 1.0890 ndiyo ilikuwa pivoti yenyewe. Mimi nilikuwa nimenunua hewani.

Ningejuaje? Kutoka S1 yangu hadi R1 zilikuwa pipsi 12. Hakuna siku nzima ya EUR/USD ya kawaida inayotembea pipsi 12. Kwa hiyo kabla ya kuweka oda, fungua D1 na uhesabu mishumaa ya wiki. Ikiwa mitano, uko sawa. Ikiwa sita, una Jumapili humo ndani, na kila Jumatatu piga hesabu ya Ijumaa kwa mkono.

Na hata ukipata namba sahihi, usifikiri soko linaziogopa. Siku ripoti ya ajira ya Marekani inatoka, bei inaweza kupita R1 na R2 kama hazipo, kwa sababu jana haikujua habari ya leo. Levo inakuonyesha mahali pa kuangalia bei itafanya nini. Ikifika S1 na ikaendelea kushuka, basi imeshakujibu.

Kwa hiyo kabla ya kumtumia mtu doo ya levo, muulize swali moja: bei yako ya kufunga ni ya saa ngapi? Akinyamaza, baki na pesa yako.