Asilimia 70 au 28? Kilio cha mkulima wa Dundori kinavyoweza kupunguzwa mchoroni

MUULIZE mkulima wa viazi kule Dundori ni matatizo gani yanayomkabili, naye hatataja moja kisha anyamaze. Ataanza na bei na gunia linalofumwa shingo hadi likazidi kilo 50 zilizowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019. Akitoka hapo ataingia kwenye uhaba wa mbegu safi, kisha barabara ya shambani ambayo lori haliwezi kuipanda mvua ikinyesha. Huyo ni mtu mmoja, ila majibu yake ni matatu. Ni katika tofauti hiyo ndogo, kati ya mtu na jibu, ambapo takwimu nyingi za utafiti huharibikia kabla ya kumfikia msomaji.

Tuchukue mfano. Nambari zitakazofuata ni za kueleza jambo tu, wala si matokeo ya utafiti uliofanywa. Tuseme wakulima 200 wa wadi ya Dundori, katika eneobunge la Bahati, Kaunti ya Nakuru, wameulizwa swali hilo na kuruhusiwa kutaja matatizo mengi wapendavyo. Waliotaja bei na gunia lililozidishwa ni 140. Mbegu imetajwa na 110, barabara na 90, ugonjwa wa mnyauko na 80, gharama ya mbolea na 60, na ukosefu wa mahali pa kuhifadhia mavuno na 20. Jumla ya majibu ni 500, ingawa watu ni 200. Kwa wastani, kila mkulima ametaja matatizo mawili na nusu.

Sasa anakuja mtu wa kuchora. Akigawa 140 kwa idadi ya watu, anapata asilimia 70. Akigawa 140 iyo hiyo kwa idadi ya majibu, anapata asilimia 28. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inasema kwamba wakulima saba katika kila kumi wanalalamikia bei. Ya pili inasema kwamba katika kila malalamiko mia moja yaliyotolewa, 28 yalihusu bei. Kosa huzaliwa pale nambari ya pili inapovishwa maneno ya ya kwanza na gazeti kuandika: "Asilimia 28 ya wakulima walalamikia bei." Wakulima 84 kati ya wale 140 wamefutwa kwa sentensi moja, na wala hakuna aliyedanganya kwa makusudi.

Si jambo la kupuuzwa katika kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Ripoti kama hiyo ikiwekwa mezani wakati wa kupanga bajeti, lalamiko la asilimia 70 ni vigumu kuliruka. La asilimia 28 linaweza kuitwa kilio cha wachache, likaahirishwa hadi mwaka ujao.

Je, kosa hili huingilia wapi? Aghalabu ni kwenye jedwali lenyewe. Programu ya SPSS, ambayo watafiti wengi huitumia, hutoa jedwali la majibu mengi likiwa na safu mbili za asilimia zilizokaa bega kwa bega. Safu ya kwanza, chini ya neno Responses, huitwa Percent, nayo hugawa kwa majibu. Ya mwisho huitwa Percent of Cases, nayo hugawa kwa watu. Mwenye haraka hunakili ile ya kwanza kwa sababu jumla yake ni 100 kamili, na tangu shule ya msingi tumefunzwa kwamba asilimia zisizofika mia au zinazopita mia zina kasoro. Katika mfano wetu safu ya pili inajumlika 250. Mhariri asiyejua sababu atadhani kuna makosa ya chapa, na pengine ataiondoa.

Mchoro wa duara, ule unaokatwa vipande kama keki, huongeza mtego. Duara ni kitu kizima kimoja kinachogawanywa bila kubaki wala kuzidi. Kwa hiyo asilimia za majibu huingia humo bila taabu: 28, 22, 18, 16, 12 na 4. Asilimia za watu, yaani 70, 55, 45, 40, 30 na 10, haziwezi kuingia, kwa kuwa mkulima mmoja hukaa katika vipande vitatu kwa wakati mmoja. Anayetaka kuonyesha watu hana budi kuchora pau, kila tatizo na pau yake, na kila pau ikipimwa peke yake kutoka sufuri hadi mia.

Wakati mwingine nambari zenyewe humshawishi mtu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 56.9 ya familia nchini zilikuwa na redio na asilimia 40.7 zilikuwa na televisheni. Ukizijumlisha unapata 97.6, karibu sana na mia. Mchoraji asiye makini angeweza kukata duara vipande viwili na kuigawa nchi kati ya watu wa redio na watu wa televisheni, ilhali nyumba nyingi zina vyote viwili, na nyingine hazina hata kimoja.

Wanaofanya kazi hii kwa miaka mingi hueleza waziwazi wamegawa kwa nini. Shirika la Afrobarometer, ambalo nchini Kenya hushirikiana na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huwauliza wananchi ni matatizo gani makuu ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia. Mhojiwa huruhusiwa kutaja hadi matatu. Katika michoro yake, shirika hilo kwa kawaida huonyesha asilimia ya wahojiwa waliotaja kila tatizo, na chini ya mchoro huandika kwamba kila mtu aliweza kutoa majibu hadi matatu. Kijisentensi hicho ndicho sisi wahariri wasanifu tunachokikata kwanza nafasi ikiwa finyu. Nami nimekikata zaidi ya mara moja.

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba mpangilio, angalau, haujabadilika. Bei iko juu na hifadhi iko chini, ukigawa kwa watu au kwa majibu. Ni kweli, mradi unalitazama kundi moja. Ukilinganisha makundi mawili, hata mpangilio huo unaweza kupinduka, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo.

Turudi kwa wakulima wetu 200 na tuseme 100 ni wanawake na 100 ni wanaume. Wanawake wametoa majibu 300, yaani matatu kwa kila mmoja kwa wastani. Wanaume wametoa 200, mawili kwa kila mmoja. Barabara imetajwa na wanawake 50 na wanaume 40. Ukigawa kwa watu, barabara inawasumbua wanawake zaidi: asilimia 50 dhidi ya 40. Ukigawa kwa majibu, 50 juu ya 300 ni karibu asilimia 17, na 40 juu ya 200 ni asilimia 20. Ghafla barabara imekuwa tatizo la wanaume. Hakuna mkulima aliyebadilisha neno lake. Wanawake wameadhibiwa kwa kuwa na mengi ya kusema: kila walipotaja tatizo jingine, uzito wa barabara ulipungua.

Hali iyo hiyo hujitokeza ukilinganisha wadi na wadi, au mwaka na mwaka. Ikiwa hojaji ya kwanza iliwaacha watu wajibu kwa maneno yao, na ya pili ikawasomea orodha ya matatizo sita, majibu ya mwaka wa pili yataongezeka kwa sababu ya orodha tu. Asilimia za majibu za tatizo lolote zinaweza kushuka hata kama waliolitaja ni wale wale. Asilimia za watu nazo haziponi, kwani orodha huwakumbusha watu mambo ambayo hawangeyataja, lakini angalau msomaji anajua anahesabu vichwa.

Isidhaniwe kwamba kugawa kwa majibu ni hila siku zote. Kuna swali ambalo hesabu hiyo ndiyo hulijibu. Ofisi ya kilimo ikitaka kujua kazi itakayowaangukia maafisa wake iwapo kila lalamiko litashughulikiwa, basi malalamiko 500 ndiyo mzigo, na asilimia 28 ya mzigo huo ni bei. Faida nyingine ni kwamba sehemu za majibu zinaweza kujumlishwa. Barabara na hifadhi, 18 na 4, ni asilimia 22 ya majibu yote. Kwa watu huwezi kusema 45 na 10 ni 55, maana huenda waliotaja hifadhi wote walitaja barabara pia. Jibu liko mahali fulani kati ya 45 na 55, na ni lazima urudi kwenye hojaji uhesabu mtu mmoja mmoja.

Kuna suala la watu gani wamehesabiwa. Tuseme waliotembelewa walikuwa 220, na 20 wakasema hawana tatizo lolote au hawakujibu. Safu ya Percent of Cases kwa kawaida huwaacha nje, ikagawa kwa 200. Ukiwarudisha, bei inashuka kutoka asilimia 70 hadi karibu 64. Mtafiti anaweza kuchagua mojawapo, lakini aandike: "kati ya wote waliohojiwa" au "kati ya waliotaja tatizo angalau moja."

Wala hesabu hizi mbili hazisemi tatizo lipi linauma zaidi. Mnyauko uliotajwa na 80 unaweza kuwa umelimaliza shamba zima, na gunia lililotajwa na 140 likawa limepunguza faida tu. Kujua hilo kunahitaji swali jingine, la kumtaka mkulima ateue tatizo moja linalozidi yote. Swali hilo lina jibu moja kwa kila mtu, na jumla yake ni mia bila ubishi.

Msomaji atakayekutana na mchoro usiojieleza anaweza kuukagua mwenyewe kwa kalamu. Kwanza aangalie iwapo swali liliruhusu zaidi ya jibu moja. Kisha ajumlishe asilimia zote. Zikifika mia kamili, au zikikosa kidogo kwa kukadiria, yamkini zimegawiwa kwa majibu, na neno "wakulima" au "wananchi" kwenye kichwa cha habari halistahili kuwapo. Zikipita mia kwa mbali, zimegawiwa kwa watu. Ripoti ikitaja wastani wa majibu kwa kila mtu, hata ile nambari iliyopunguzwa hurudishwa mahali pake: 28 mara mbili na nusu ni 70.