Nondo Nne Zilizopungua Panda

Baba mmoja, mkaaji wa Panda katika mji wa Likasi, ametuletea barua yenye mchoro ndani yake na mashaka mengi. Anajenga nyumba ya ghorofa moja juu, yenye nguzo tisa za zege, tatu kwa tatu. Kila nguzo yasimama juu ya kitako chake cha mraba kilichofukiwa ardhini, ambacho mafundi wa Katanga hukiita semeli. Vitako vinane vimekwisha kumwagwa. Cha tisa, kile cha katikati, kimebaki wazi, kwa maana nondo hazikutosha: zahitajiwa vipande kumi na sita, navyo vimesalia kumi na viwili tu. Fundi akamwambia: “Baba, tutandike sita huku na sita huku. Zege likishamwagwa, nani ataona?” Baba huyo akasimamisha kazi, akachukua kalamu. Atuuliza mambo mawili: je, fundi asema kweli, na nondo nne hizo zilipotelea wapi, maana hesabu aliifanya mwenyewe na hakuibiwa hata kipande kimoja?

Tuanze na lile swali la pili, kwa kuwa wengi watapotea mahali pale pale alipopotea yeye.

Mchoro wa mhandisi waonyesha kitako cha sentimita 140 kwa 140, kimo chake sentimita 35. Pembeni yameandikwa maneno machache: HA 12, e = 20, na alama ya kuonyesha kwamba ni hivyo kwa pande zote mbili. Herufi HA maana yake ni nondo zenye mikunjo midogo juu ya ngozi yake, zile zinazoshikana sana na zege. 12 ni unene wake kwa milimita. Na e ni nafasi iliyopo toka nondo moja hata ya pili, yaani isizidi sentimita 20. Idadi ya nondo haikuandikwa. Hiyo yatupasa kuitafuta sisi.

Mtu akitazama upesi, atagawanya 140 kwa 20, apate 7, aagize nondo saba kila upande. Amekosa mara mbili. Kosa la kwanza ni kupima zege badala ya kupima chuma. Nondo haifiki ukingoni mwa zege; yabaki ndani, ikifunikwa na ganda la zege ili unyevu wa udongo usiile kwa kutu. Mchoro huu wataka ganda la sentimita 5 kila upande, kwa sababu kuna mbao za kuzuia zege pembeni na tabaka jembamba la zege la usafi chini ya shimo. (Kama zege lingemwagwa likigusana na udongo wenyewe, sentimita 5 zisingetosha, tungetaka 7 na nusu.) Toa basi 5 huku na 5 huku, zabaki 130.

Gawanya 130 kwa 20: yapatikana nafasi 6 na nusu. Hakuna nusu ya nafasi. Mwenye kupunguza na kusema sita, atazitanua nondo zake kupita kipimo alichopewa. Hatuna budi kupandisha, ziwe nafasi saba. Nondo zitakaribiana kidogo, sentimita 18 na nukta, na hilo halina hasara.

Hapa ndipo kosa la pili linapotungoja. Nafasi saba si nondo saba. Tazama vidole vya mkono wako: vidole ni vitano, mianya iliyo kati yake ni minne. Ndivyo ilivyo kwa nguzo za ua, ndivyo ilivyo kwa nondo: ya kwanza huanza kabla ya nafasi yo yote, basi daima zazidi nafasi kwa moja. Nafasi saba zataka nondo nane. Kwa kuwa kitako ni mraba, upande wa pili wataka nane vile vile: jumla kumi na sita kwa kitako, na kwa vitako tisa 144. Baba wa Panda alifika hapa bila kukosea, na twampongeza, kwa maana tumewaona mafundi wenye miaka mingi kazini wakitandika saba.

Sasa urefu wa kukata. Katika mchoro nondo imelala sentimita 130, kisha ncha zake mbili zimekunjwa kusimama juu, kila ncha sentimita 20, zikipimwa kwa nje. Ncha hizo ndizo zinazoishika nondo isichopoke ndani ya zege inapovutwa. Jumlisha 130 na 20 na 20: ni 170. Lakini ukikata 170 utajikuta una chuma kirefu mno. Sababu yake ni hii: vipimo vya mchoro vyakwenda hadi kwenye kona kali, na chuma hakipiti kwenye kona kali, chapinda kwa duara, nayo njia ya duara ni fupi kuliko njia ya kona. Kwa mkunjo mmoja wa pembe mraba, ondoa unene wa nondo mara mbili. Nondo ya milimita 12 yaondolewa milimita 24 kwa kila mkunjo. Mikunjo ni miwili, basi ni milimita 48, karibu sentimita 5. Kata 165.

Msomaji atasema: sentimita 5 ni nini katika kitako kikubwa hivi? Ni ganda lenyewe. Mkunjaji akipima 20 toka kila ncha ya kipande cha 170, sehemu inayolala yatoka na 135, na ganda la 5 labaki 2 na nusu kila upande. Ni rahisi kulitambua kosa hili kabla ya kumwaga: chukua kijiwe cha saruji chenye unene wa sentimita 5, ukipitishe kati ya ubao na chuma pande zote nne. Kikikwama, nondo ni ndefu. Vijiwe hivyo hivyo viwekwe pia chini ya nondo, kwani wavu uliolazwa sakafuni mwa shimo hauna ganda lo lote.

Basi, vipande 144 vya sentimita 165. Baba huyo akazidisha, akapata meta 237 na sentimita 60. Duka lauza nondo za meta 12. Akagawanya, akapata 19 na sehemu nane za kumi, akapandisha hadi 20, akanunua 20 kwa moyo mweupe.

Hesabu ni safi, wala haina kosa katika tarakimu. Ila chuma hakikatwi kwa hesabu ya jumla; hukatwa nondo kwa nondo. Nondo moja ya meta 12 yatoa vipande saba vya sentimita 165, ambavyo ni 1,155. Hubaki kijinga cha sentimita 45 ambacho hakitoshi kuwa kipande cha nane. Nondo ishirini zatoa vipande 140, na vijinga ishirini vilivyolala chini ya mwembe. Meta tisa za chuma ziko pale pale uwanjani, nazo hazifai kitu kwa kazi hii. Hizo ndizo nondo nne zilizopotea. Alipaswa kwanza kuuliza, “Nondo moja yatoa vipande vingapi vizima?” kisha kugawanya 144 kwa 7, apate 20 na ziada, anunue 21.

Na tuongeze neno kwa wale ambao nondo huwafikia zimekunjwa katikati ili zienee garini. Penye mkunjo ule chuma kimekwisha kuchoka, na kukinyosha ni kukichosha tena. Mwenye busara hukata pale. Lakini basi ana vipande viwili vya meta 6, na kila kimoja chatoa vitatu tu vya 165, yaani sita kwa nondo nzima badala ya saba. Nondo 21 hazitoshi tena, zahitajiwa 24. Yafaa kuuliza jinsi zitakavyoletwa kabla ya kulipa.

Twarudi kwa fundi na shauri lake la sita kwa sita.

Yatupasa kujua chuma kile chafanya nini. Nguzo yasukuma chini katikati ya kitako. Ardhi yasukuma juu chini ya kitako chote. Kingo zake zataka kupinda kwenda juu, kama sahani iliyobonyezwa katikati, na upande wa chini wavutwa upasuke. Zege huvumilia sana kubanwa, ila likivutwa hupasuka upesi. Basi nondo huwekwa chini, ili zivutwe badala yake. Na kwa kuwa kingo ni nne, kitako chapinda pande zote mbili, ndiyo maana wavu una nondo za kwenda na za kukingama. Kuweka sita badala ya nane ni kuondoa robo ya nguvu hiyo kila upande, na nafasi zafika karibu sentimita 26 mahali palipoandikwa zisizidi 20.

Zaidi ya hayo, kitako kilichobaki ni cha katikati. Katika nyumba ya nguzo tatu kwa tatu, nguzo ya katikati hubeba sakafu ya ghorofa karibu mara nne ya ile ibebwayo na nguzo ya pembeni kabisa, kwenye kona. Mhandisi alivichora vitako vyote kwa kipimo kimoja, yaani kile kinachoifaa nguzo ya katikati. Kama ni lazima kitako kimoja kiwe na upungufu, hicho ndicho cha mwisho kuchaguliwa.

Fundi alishauri pia kuviunga vile vijinga. Nondo mbili zikiungwa kwa kulaliana, zapaswa kulaliana kiasi cha unene wake mara 50, yaani sentimita 60 kwa nondo ya milimita 12. Kijinga chenyewe kina 45. Hata kingelala chote hakitoshi kuunga, sembuse kuongeza urefu. Na kuviunga kwa moto wa umeme, mkononi mwa mtu asiyejua aina ya chuma alichonacho, kwaweza kukifanya kikatike kama mwiko wa udongo, tena katikati ya kitako, mahali kinapovutwa kuliko pote.

Basi jibu letu kwa baba wa Panda ni nondo moja. Anunue moja ya meta 12, iliyonyoka, na kabla ya kulipa aipandishe kwenye mizani: nondo kamili ya milimita 12 yakaribia kilo 10 na nusu au zaidi kidogo. Ikionyesha kilo 7 na nusu, ameuziwa ya milimita 10. Akate vipande vinne vya 165, avikunje, awatandike nane huku na nane huku, na kitabaki kipande kirefu cha meta 5 na sentimita 40 cha kuweka akiba. Shimo lifunikwe mabati mpaka hapo, maana mvua za Novemba zikikuta wazi zitalijaza matope, na itambidi kutoa nondo zote na kuziosha moja moja. Vijinga vile ishirini vinafaa kuwa vigingi vya kufungia kamba za kupimia.